Kabla Hujafuta Tatuu, Muulize Mwenye Uso

Haya, leo naongea na nyinyi wa kuediti picha. Wale wa studio za Ukunda, wale wa kupiga picha ufuoni Diani, na wale wa nyumbani wenye laptopu moja na bando la usiku. Na wewe pia ambaye huediti lakini unatuma picha ya mtu kwa fundi halafu unaandika "msafishe".

Hilo neno "msafishe" ndilo lanikera. Ukiniambia nisafishe picha, nitatoa vumbi, nitatoa chunusi iliyotoka jana, nitatoa ule mfuko wa plastiki uliopita nyuma ya bibi harusi. Hivyo ni vitu vilivyopita njia. Chunusi wiki ijayo haipo. Tatuu wiki ijayo ipo, mwaka ujao ipo, na mtu atazikwa nayo. Kuiondoa kwenye picha yake si kusafisha. Ni kumtengeneza mtu mwingine halafu kumpa jina lake.

Najua kuna mtu tayari anaandika komenti kwamba ni pikseli tu, kaka, tulia. Sawa. Wacha basi tuanze na hizo pikseli zenyewe, maana ukielewa kazi inavyofanyika utaona ninachosema hakitoki hewani.

Tuchukue tatuu rahisi. Jamaa ana ua dogo kwenye kifundo cha mkono. Unafungua Photoshop, unatengeneza nakala mbili za picha. Nakala ya chini unaitia Gaussian Blur mpaka vinyweleo na mistari midogo ipotee na ibaki rangi tu. Kwa picha ya simu ambayo sehemu ya ngozi imejaa fremu, mimi huanzia pikseli 8 hadi 10. Nakala ya juu unaitoa ile ya chini kwa Apply Image: chagua Subtract, Scale 2, Offset 128, halafu leya yenyewe unaiweka Linear Light. Sasa ngozi umeigawa mara mbili. Chini kuna rangi na mwanga, juu kuna vinyweleo, makovu na mikunjo. Unatengeneza rangi bila kuharibu ngozi, unatengeneza ngozi bila kuchafua rangi. Unachukua ngozi safi iliyo karibu na lile ua kwa Clone Stamp, unaipaka juu yake, leya kwa leya. Dakika 20 umemaliza.

Hii inafanikiwa kwa sababu moja tu: karibu na ua kuna ngozi tupu nyingi, ya mkono uleule, iliyopigwa na jua lilelile. Unakopa kwa jirani. Ukikosa jirani, kazi imekufa. Weka hilo neno "jirani" kichwani, tutalirudia.

Jambo la pili ni rangi, na hapa watu wengi wa kwetu wanakwama kwa sababu mafunzo mengi mtandaoni yanaonyesha ngozi ya Mzungu. Wino mweusi ukikaa chini ya ngozi huonekana una ubluu au ukijani kidogo. Kwenye ngozi yetu ya kahawia, ukifuta tu weusi wa wino, mahali pale panabaki kijivu, kama mtu aliyeamka asubuhi hajapaka mafuta. Angalia namba za rangi: ngozi ya kahawia yenye uhai, nyekundu iko juu, kijani inafuata, bluu ndiyo ya mwisho. Kwenye kile kiraka chako utakuta namba tatu zimekaribiana. Ndo majivu hayo. Inabidi uweke leya mpya, uigeuze iwe Color, uchukue rangi ya ngozi ya jirani na kupaka taratibu mpaka damu irudi.

Sasa ukitaka kumnasa fundi aliyefuta tatuu akadhani amemaliza, fungua Channels ubonyeze Red. Kwenye mwanga mwekundu ngozi yetu inang'aa na wino unabaki mweusi, kwa hiyo mabaki yoyote ya tatuu yanajitokeza kama mzimu. Ukibonyeza Blue mambo yanageuka: ngozi yenyewe inakuwa nyeusi na tatuu inazama ndani yake, karibu huioni. Picha ni ileile, mtu ni yuleyule, tatuu iko na haiko.

Hii si ajabu ya kompyuta. Kamera za zamani zilifanya hivyo zenyewe. Zile picha za karne ya 19 zilizopigwa kwenye vioo vilivyopakwa dawa zilikuwa zinaona mwanga wa bluu tu, nyekundu hazikuiona kabisa. Huko New Zealand, Wamaori wenye michoro ya usoni walipopigwa picha namna hiyo, michoro mingi ilififia au kupotea kabisa. Mpiga picha mmoja wa huko, Michael Bradley, aliamua kuonyesha jambo hilo. Katika kazi yake iitwayo Puaki, iliyoonyeshwa mwaka 2018, alimpiga mtu mmoja mara mbili: mara moja kwa kioo cha zamani, mara ya pili kwa kamera ya leo. Upande mmoja uso mtupu, upande wa pili michoro yote ipo. Ukiziona zimekaa pamoja unaelewa. Mtu aliyekaa mbele ya kamera na uso wake wote, akatoka kwenye picha bila nusu ya uso, na hakuna aliyemuuliza.

Mbona niende mpaka New Zealand? Kwa sababu nyuso kama hizo ziko hapahapa Kwale, na safari hii anayezifuta si kemikali. Ni sisi.

Ukishuka Msambweni, ukaenda Makongeni, utakutana na wazee wa Kimakonde. Wengine wenu mmekua nao. Wazazi wao, na wengine wao wenyewe, walitoka kaskazini mwa Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi. Kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, wao wakabaki. Wakazaa, wakachonga vinyago, wakalima, wakazika watu wao hapa. Lakini vitambulisho hawakupewa. Miaka yote hiyo, watu waliozaliwa hapa hawakuweza kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu kwa jina lao, wala kupiga kura. Wengine walijiandikisha kwa makabila mengine ili mtoto apate karatasi. Fikiria kijana mwenzako anajiita asichokuwa, ofisini, mbele ya karani, ili tu aishi.

Oktoba 2016 wakachoka. Wakatoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi mpaka Ikulu, kina mama na wazee ndani. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho, na kufikia mwanzo wa 2017 wakawa wametambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Hii si historia ya zamani. Ulikuwa darasa la ngapi?

Sasa nyuso. Wamakonde wa kizazi kile walichanjwa. Mistari ya pembe pembe, kama herufi V zilizopangwa juu ya nyingine, kwenye paji la uso, mashavuni, wengine kifuani na mgongoni. Fundi wa kazi hiyo anakata ngozi kwa kichuma maalumu, halafu anasugua makaa yaliyosagwa, mengi ni ya mbegu za mbarika, ndani ya kidonda kibichi. Kikipona, mstari unabaki na rangi ya bluu iliyokolea. Wengine walirudiwa mara mbili au tatu mpaka rangi ishike. Wenyewe wanaita dinembo. Lisikilize hilo neno. Kwenye Kiswahili tunalo, ni nembo. Leo ukisema nembo mtu anafikiria alama ya kampuni kwenye fulana, lakini kamusi za zamani zitakwambia nembo ni chale za mwilini zinazoonyesha mtu ni wa kabila gani. Wewe mbunifu unayelipwa kuchora nembo za mikahawa ya Diani, huwezi kuthubutu kufuta nembo ya mteja bila ruhusa yake. Haya.

Desturi hiyo ilififia kuanzia miaka ya 1960. Wenye dinembo usoni leo ni wazee, na hakuna wengine wanaokuja nyuma yao.

Hapo ndipo kazi iliponifikia mezani. Binti mmoja, rika letu, alinitumia picha ya bibi yake kwa WhatsApp. Harusi ilikuwa yaja, familia inataka bango la ukumbini lenye sura za wazee wa pande zote mbili. Akaandika, "Kaka, mtolee bibi hizo chale usoni, upande wa mume wasije wakaanza maneno." Nikamuuliza kama bibi anajua. Akasema bibi hana shida.

Mimi nilikaa na ile picha kama kazi nyingine yoyote, nikajaribu kwanza shavu moja, juu nataka mjue kilichotokea kiufundi. Kilichotokea ni kwamba sikupata jirani. Kwenye ule mkono wa jamaa mwenye ua nilikuwa na ngozi tupu kila upande. Hapa michoro imejaa paji la uso lote na mashavu yote mawili. Ngozi isiyo na alama iliyobaki ni shingo, kidevu na mabawa ya pua. Shingo ya mtu wa miaka 80 haifanani na shavu lake. Iko kivulini, mikunjo yake inalala, vinyweleo vyake ni vingine. Ukiibandika shavuni inakaa kama kiraka cha suruali.

Halafu chale si wino peke yake. Ngozi ilikatwa, ikapona, ina kovu lililoinuka kidogo. Kwa hiyo ukishafuta rangi ya bluu kwenye leya ya chini, leya ya juu bado ina mstari, na kila mstari una upande wa mwanga na upande wa kivuli. Unafuta na hivyo. Sasa utakuta mikunjo ya uzee imepita katikati ya chale, yaani mkunjo unaanzia jichoni, unaingia kwenye ile V, unatokea upande wa pili. Ukiondoa chale unakata mkunjo. Inabidi uuchore mwenyewe kutoka kichwani. Usipouchora, unapata shavu la mama wa miaka 40 chini ya macho ya bibi wa 80.

Mafundi wengi hapo hukata tamaa wakasugua uso mzima kwa filta ya kulainisha, ikawa ile ngozi ya plastiki mnayoijua. Kwa njia, simu nyingi zinafanya hivyo bila kuombwa. Ile sehemu ya urembo kwenye kamera ikiwa imewashwa, inasoma mistari myepesi usoni kama kasoro na kuilainisha. Ukimpiga mzee mwenye chale, izime kwanza. Utakuta umefuta nusu ya kazi ya fundi wa Kimakonde kabla hata hujafungua Photoshop.

Basi baada ya kama saa moja na nusu nilikuwa na shavu moja lililokubalika kwa mbali. Ukiuliza hilo shavu ni la nani, jibu la kweli ni kwamba ni langu. Nimelibuni. Rangi nimetoa shingoni, vinyweleo nimetoa kidevuni, mikunjo nimekisia. Hakuna uso wa bibi chini ya zile chale unaosubiri kufunuliwa, kama ukuta chini ya bango. Alichanjwa akiwa msichana. Uso wa utu uzima usio na chale haujawahi kuwepo hata siku moja duniani.

Sikumtumia yule binti. Nilimwambia naomba nimwone bibi kwanza, akakubali kwa shingo upande, tukapanda bodaboda kutoka barabara kuu.

Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika marahaba, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, mambo ya kawaida. Nikampa simu. Upande mmoja picha yake ilivyo, upande mwingine lile shavu langu. Aliiweka mbali na macho, akaileta karibu, akacheka. Akasema, "Huyu mdogo wangu." Mjukuu akasema hapana bibi, ni wewe. Akasema hapana, mdogo wangu alikuja huku mchanga, hakuchanjwa, alikuwa na shavu hivi. Alishafariki.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. Akaweka kidole juu ya mdomo wa juu, pale palipokuwa na tundu la ndona. Ndona ni kile kipande cha mti ambacho wanawake wa Kimakonde walivaa kwenye mdomo wa juu. Akiwa kijana alivaa, baadaye akaacha, tundu likabaki na mdomo ukalegea. "Hapa," akasema, "hapa nitengenezee. Chakula chanitoka, watoto wachekea. Lakini hizi" — akapitisha mkono shavuni — "hizi ziache, nililia sana siku hiyo."

Mjukuu alinyamaza. Mimi pia.

Nimewasimulia hili kwa sababu watu wakisikia "heshima" wanadhani maana yake ni kutogusa chochote. Kuna wapiga picha, wengi wageni lakini hata sisi tumo, wanaoenda kuwapiga wazee kama hawa na kuwafanyia kinyume cha kufuta. Wanaongeza weusi, wanakaza makovu, wanataka kila chale ionekane kama imechongwa jana, ili picha iuzike. Hiyo nayo ni kumtengeneza mtu mwingine. Bibi mwenyewe alijua anachotaka kitoke na anachotaka kibaki, na mstari wake haukuwa ule ambao mimi ningeuchora. Mimi ningesema ndona ni utamaduni, iache. Yeye akaona ni mdomo wake, na chakula kinamtoka.

Kutengeneza ule mdomo ilikuwa kazi ndogo kwa kulinganisha. Tundu moja, jirani wa kutosha pande zote, mwanga mmoja. Nilizima kivuli cha ndani ya tundu, nikajazia ngozi kutoka pembeni mwa mdomo, nikaacha ule ulegevu kidogo kwa sababu ndivyo mdomo wake ulivyo akiongea. Nikamwonyesha tena kabla ya kuchapisha. Bango likatoka na dinembo zote. Maneno ya upande wa mume sijui kama yalikuwepo. Sikualikwa, ha.

Sasa najua mtaniletea mifano migumu, na ipo. Jamaa amejiandika jina la mpenzi wake shingoni, wameachana, anataka picha ya wasifu bila hilo jina. Nafuta leo hii, tena kwa furaha. Ngozi ni yake na ombi ni lake. Mtu anayeomba kazi hotelini akitaka nimfute tatuu ya mkono kwenye picha ya maombi, humwambia avae shati la mikono mirefu tupige upya. Siku ya usaili atakwenda na mkono wake, si na picha yangu. Na picha ya paspoti, usinitumie kabisa. Pale sura inalinganishwa na mtu mzima aliyesimama dirishani, na picha iliyochezewa inaweza kukufanya urudi nyumbani.

Wa kunikosesha usingizi ni marehemu. Kijana amefariki, alikuwa na tatuu kubwa shingoni, mama yake ni mtu wa dini na picha itawekwa sebuleni. Mama anataka itolewe. Mwenye ngozi hawezi kuulizwa tena, na mama naye ana haki ya uchungu wake. Siwezi kumwambia mama wa watu ana makosa. Ninachofanya ni kuomba picha zote alizo nazo. Mara nyingi ipo moja aliyovaa kanzu, au koti, au amegeuka kidogo, au ya miaka kabla hajachorwa. Hiyo nitaing'arisha mpaka ipendeze. Kama haipo, naikata fremu iishie kidevuni. Kuficha kwa kola au kwa fremu bado kunasema ukweli, kwamba hatuoni shingo yake hapa. Kupaka ngozi mpya ni kusema shingo ilikuwa tupu, na marafiki zake watakaokuja kutoa pole wanajua haikuwa. Kuna mama mmoja alinikatalia hili akaenda kwa fundi mwingine. Ni sawa, simlaumu, lakini mimi sikuifanya.

Mtu akikufanyia wewe hivyo bila idhini, usidhani huna pa kushika. Picha yako inayokutambulisha ni data yako binafsi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kudai data isiyo ya kweli au inayopotosha irekebishwe. Studio nyingi hazijui hili. Lakini sikusubiri sheria kwenda Makongeni, nauli ya boda ilikuwa shilingi 100.

Na kwa wale mnaouliza bei kila siku: tatuu ndogo yenye jirani, shilingi 300, mwenye tatuu aniandikie mwenyewe au anitumie sauti yake. Si shangazi, si meneja, si mjukuu. Tatuu ya uso mzima sifuti, nimeshawaeleza kwa nini, hakuna cha kufuta pale zaidi ya kubuni. Picha ikitoka naitunza faili asili isiyoguswa, na nakala yake nampa mwenye uso, hata kama aliyelipa ni mwingine. Yule bibi hana simu ya kufungulia faili, kwa hiyo yake niliichapisha kwenye karatasi ya A4, na mdomo wake wa zamani na kila kitu, nikamwachia mjukuu ampelekee.